Akaunti Mpya Ikikataa Kitambulisho Chako: Anza na Picha, Kisha Jina

Umefungua akaunti mpya, umejaza fomu, umepiga picha kitambulisho na uso wako, kisha jibu linarudi kwamba uthibitishaji umeshindikana. Sababu ikitajwa huwa fupi: picha haisomeki, au jina halilingani na hati. Wengi hapo hapo hubonyeza kitufe cha kujaribu tena na kutuma picha ileile. Wengine hurudi kwenye fomu na kuanza kubadilisha jina kwa kubahatisha. Njia zote mbili zinazidisha tatizo, kwa sababu mifumo mingi ina kikomo cha majaribio. Ukikifikia, akaunti husimamishwa hadi mtu aikague kwa macho yake, na hapo unaingia kwenye foleni. Kwa hiyo kiache kitufe hicho kwanza, hata kama una haraka.

Kabla ya kurekebisha chochote, ni vizuri kujua mashine inafanya nini na picha yako. Inasoma herufi zilizo kwenye picha, inazigeuza kuwa maandishi, halafu inayalinganisha maandishi hayo na ulichojaza kwenye fomu. Jina lako hailijui. Inajua tu herufi ilizofaulu kuziona. Picha ikiwa na ukungu kidogo, M inaweza kusomwa N, na ujumbe utakaoupata ni "jina halilingani" ingawa fomu yako haina kosa lolote. Mtu anayeuamini ujumbe huo huenda kubadilisha jina lililokuwa sahihi. Sasa picha ni mbovu na jina pia ni bovu, na jaribio linalofuata halina namna ya kupita.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na picha hata kwa yule aliyeambiwa kosa ni jina.

Kwa nini jina ndilo linaloumia zaidi

Chukua pasipoti yako na utazame chini ya ukurasa wenye picha. Kuna mistari miwili ya herufi kubwa na alama nyingi za <. Kila mstari una nafasi 44. Mistari hiyo imewekwa kwa ajili ya mashine, na mpangilio wake unafuata kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, katika waraka wake namba 9303. Vitambulisho vya kadi vinavyofuata kanuni hizo huwa na mistari mitatu ya nafasi 30, mara nyingi upande wa nyuma. Ndiyo sababu baadhi ya mifumo inadai picha ya nyuma ya kadi pia, na upande huo watu huupiga harakaharaka kwa kudhani hauna maana.

Namba ya hati, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya mwisho wa matumizi, kila moja inafuatwa na tarakimu moja ya ukaguzi. Tarakimu hiyo hupatikana kwa kuzidisha tarakimu zinazoitangulia kwa 7, 3 na 1 kwa zamu, kujumlisha, kisha kuchukua tarakimu ya mwisho ya jumla. Tuseme mtu amezaliwa tarehe 12 Machi 1994. Tarehe hiyo huandikwa 940312, yaani mwaka, mwezi, siku. Hesabu yake ni hii:

```
9×7 + 4×3 + 0×1 + 3×7 + 1×3 + 2×1 = 101
```

Tarakimu ya mwisho ni 1, kwa hiyo kwenye mstari utaona 9403121. Ukungu ukiifanya mashine isome 8 badala ya ile 3, jumla inakuwa 136 na tarakimu inayotakiwa ni 6. Hapo mashine inajua yenyewe kwamba imesoma vibaya, na inaweza kukuomba picha nyingine.

Jina halina tarakimu kama hiyo, si kwenye pasipoti wala kwenye kadi. Herufi moja ikikosewa kwenye jina, hakuna hesabu ndani ya mistari ile inayoweza kuligundua kosa. Mashine inachukua ilichosoma, inakilinganisha na fomu, na inakurudishia lawama. Ukielewa hili, utaelewa kwa nini picha inayotosha kusoma namba bado inaweza kuwa haitoshi kusoma jina.

Kupiga picha upya

Futa lenzi ya simu kwa kitambaa laini kilicho kikavu. Simu hushikwa kwa vidole siku nzima, na mafuta ya vidole kwenye lenzi hutoa ukungu mweupe unaofanana kabisa na picha iliyotikisika. Mtu anaweza kupiga picha kumi kwa utulivu mkubwa, zote zikatoka na ukungu uleule.

Kisha laza hati juu ya meza yenye rangi moja iliyokoza, isiyong'aa. Kadi nyeupe juu ya karatasi nyeupe humchanganya msomaji wa mashine, kwa sababu anatafuta kingo nne za hati na hazioni. Usiishike mkononi, maana kidole huziba kona. Itoe pia kwenye kasha la plastiki.

Mwanga ndipo picha nyingi zinapoharibikia. Flashi izime kabisa. Kadi iliyopigwa laminesheni na ukurasa wa pasipoti vina ngozi inayong'aa, na flashi huacha doa jeupe katikati. Taa ya dari iliyo juu yako moja kwa moja hufanya hivyohivyo. Mahali pazuri ni karibu na dirisha mchana, jua lisipige moja kwa moja, mwanga ukitokea ubavuni. Tazama skrini kabla ya kubonyeza: ukiona doa jeupe, usiinamishe simu, zungusha hati kidogo juu ya meza hadi doa litoke nje ya maandishi. Doa dogo ni baya kuliko kubwa, kwa sababu kubwa unaliona na kurudia, ila dogo hukaa juu ya herufi moja ya jina na hulioni mpaka ukuze picha. Kadi zenye nembo zinazobadilika rangi huhitaji subira zaidi; nembo ikiwaka juu ya jina, endelea kuzungusha.

Umbali nao unawadanganya watu. Unataka maandishi yaonekane makubwa, basi unaisogeza simu hadi karibu kuigusa hati, na kamera inashindwa kulenga kwa sababu kila lenzi ina umbali wa chini ambao haiwezi kuuvuka. Baadhi ya simu hapo hubadili lenzi zenyewe na kutumia ile ya kuona upana, ambayo hupinda kingo za kadi. Weka simu sentimita 25 hadi 30 juu ya hati, sambamba nayo, na kama bado inaonekana ndogo tumia kukuza mara 2. Gusa jina kwenye skrini ili kamera ilenge hapo, subiri kidogo, kisha piga. Viwiko vikiegemea meza, mkono hautikisiki.

Usiogope kwamba kwa umbali huo hati itakosa maelezo. Kadi ya kawaida ya kitambulisho ina upana wa milimita 85.6. Kwa kipimo cha skana cha nukta 300 kwa inchi, ambacho kinatosha kusoma maandishi yake, upana huo unahitaji pikseli zipatazo 1,011 tu. Kamera ya megapikseli 12 hutoa picha yenye upana wa pikseli 4,000 hivi. Hata kadi ikichukua theluthi moja ya picha, bado ina pikseli zaidi ya 1,300. Kinachokosekana mara nyingi ni kulenga na mwanga, na hivyo viwili havipatikani kwa kusogea karibu.

Ukishapiga, fanya kipimo hiki kabla ya kutuma. Fungua picha, ikuze hadi uone mistari ya mashine, na utazame alama za < zilizofuatana. Kila moja iwe imesimama peke yake, na uwazi uonekane kati yake na jirani yake. Zikiwa zimeshikana kama uzi mmoja, picha hiyo haifai, hata kama jina lenyewe wewe unalisoma bila shida. Wewe unalisoma kwa sababu unalijua. Kama hati yako haina mistari hiyo, tumia maandishi madogo kuliko yote yaliyopo juu yake kwa kipimo hichohicho.

Baada ya hapo ilinde picha isiharibike njiani. Ukijitumia kwa WhatsApp kama picha ya kawaida ili uipeleke kwenye kompyuta, inabanwa na kupungua. Itume kama faili au hati. Usipige picha ya skrini ya picha. Usitumie programu za kuskani zinazogeuza kila kitu kuwa nyeusi na nyeupe, maana rangi na alama za usalama hupotea na hati huonekana kama fotokopi, kitu ambacho mifumo mingi hukataa. Usiongeze mwangaza wala ukali wa herufi kwa programu ya kuhariri, na usiandike chochote juu ya picha. Nia yako inaweza kuwa njema kabisa, lakini mashine inayotafuta hati za kughushi huziona alama za uhariri na haiulizi nia. Ukihitaji kupunguza eneo, acha ukingo wa meza uonekane pande zote nne. Na faili likikataliwa hata kabla ya kusomwa, angalia aina yake: simu za iPhone huhifadhi picha kwa mfumo wa HEIC, na kurasa nyingi zinapokea JPG au PNG pekee.

Programu nyingine hazikuruhusu kupakia picha. Zinafungua kamera yake na kupiga zenyewe pindi zinapoona kadi imetulia. Hapo andaa meza, mwanga na lenzi kabla ya kuifungua, kwa kuwa itapiga kabla hujajipanga.

Sasa linganisha jina, herufi kwa herufi

Picha ikiwa safi na bado unaambiwa jina halilingani, kosa ni la jina kweli. Hapa usitegemee kumbukumbu. Fungua fomu upande mmoja, weka hati upande wa pili, na usome mstari wa kwanza wa mashine.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mtu anayejiita Neema Paulo Ng'wandu. UTO ni kifupi kinachotumika kwenye mifano ya pasipoti, si nchi halisi. Mstari wake wa kwanza ungekuwa hivi:

```
P<UTONGWANDU<<NEEMA<PAULO<<<<<<<<<<<<<<<<<<<
```

P ni pasipoti, herufi tatu zinazofuata alama ya kwanza ni nchi iliyoitoa. Baada yake linakuja jina la ukoo, kisha alama mbili za < zikiwa mpaka, kisha majina aliyopewa, yakitenganishwa kwa alama moja. Zinazobaki zinajaza nafasi tu. Kwa hiyo mashine inaelewa kwamba ukoo ni NGWANDU, na majina aliyopewa ni NEEMA PAULO.

Neema alifungua akaunti kwa kubonyeza kitufe cha kuingia kwa barua pepe, na jina likajijaza lenyewe: jina la kwanza "Nema", jina la mwisho "Paulo". Hajaandika yeye herufi hata moja. Kuna makosa matatu hapo. La kwanza ni herufi moja ya E iliyokosekana, labda tangu siku alipofungua barua pepe yake. La pili, jina la pili limekaa kwenye kisanduku cha ukoo, kwa sababu katika maisha ya kila siku anajulikana kwa majina hayo mawili. La tatu, jina la ukoo halipo kabisa. Anatakiwa kuandika "Neema Paulo" kwenye kisanduku cha jina la kwanza na "Ng'wandu" kwenye kisanduku cha jina la mwisho. Fomu ikiwa na kisanduku cha jina la kati, Paulo anahamia hapo.

Anabakiwa na swali la ritifaa. Kwenye mistari ya mashine ritifaa huachwa kabisa na herufi huunganishwa, ndiyo maana Ng'wandu limekuwa NGWANDU. Ushauri wangu ni kuandika kama linavyosomeka juu ya hati, kwenye sehemu inayosomwa na watu, pamoja na ritifaa yake. Mfumo uliotengenezwa vizuri huipuuza. Fomu ikiikataa, au jaribio likishindwa na huoni tofauti nyingine yoyote, andika Ngwandu bila alama, kwa kuwa ndivyo mashine inavyolisoma. Angalia pia kibodi yako, maana nyingine huweka ritifaa iliyopinda badala ya iliyonyooka, na kwa kompyuta hizo ni alama mbili tofauti. Jina lenye kistari hutendewa kwa namna nyingine kidogo: kistari hugeuzwa kuwa <, kwa hiyo kwa mashine linaonekana kama maneno mawili.

Kuna hali mbili zinazowatesa watu bila wao kujua. Moja ni jina refu. Mstari wa pasipoti una nafasi 39 za jina, na likizidi hukatwa. Linganisha basi sehemu mbili za hati: kama juu limeandikwa lote na chini limekatwa, jaza la juu, na uwe tayari kumweleza mkaguzi. Nyingine ni hati ambayo majina yote yamewekwa pamoja bila mpaka, kwenye sehemu moja ya jina. Mashine huyachukua yote kama ukoo na kuona huna jina la kwanza. Fomu nayo haikubali kisanduku kitupu. Hili hulitatui kwa kubahatisha. Nenda kwa huduma kwa wateja mapema, kabla majaribio hayajaisha.

Ukimaliza jina, tupia jicho tarehe ya kuzaliwa. Fomu nyingine huanza na mwezi, kwa hiyo tarehe 3 Desemba inageuka 12 Machi bila onyo lolote. Angalia pia nafasi tupu iliyobaki mwishoni mwa jina, ambayo huingia simu inapokujazia neno.

Hati zako zenyewe zikitofautiana

Wakati mwingine fomu inaafikiana na kitambulisho, lakini kitambulisho hakiafikiani na hati ya pili uliyoombwa, kama taarifa ya benki au bili inayoonyesha makazi. Umeolewa na hati moja ina jina la zamani, au karani aliandika Mohamed huku na Muhammad kule. Kanuni ni moja: fomu ifuate kitambulisho chenye picha, kisha tafuta hati ya pili inayokifuata. Mara nyingi ni rahisi kupata taarifa nyingine yenye jina sahihi kuliko kumshawishi mkaguzi kuhusu isiyo sahihi. Ikiwa huna, cheti cha ndoa au hati ya kisheria ya kubadili jina inaunganisha majina mawili, na baadhi ya mifumo ina sehemu ya kuipakia. Kosa likiwa ndani ya kitambulisho chenyewe, jaza fomu kwa kosa lilelile kama lilivyo na upange kulirekebisha kwa mamlaka iliyokitoa. Inauma kuandika jina lako vibaya kwa makusudi, najua, lakini uthibitishaji huu unalinganisha fomu na hati tu.

Kisanduku cha jina kikiwa kimefungwa

Baada ya jaribio la kwanza, mifumo mingi hukuzuia kubadilisha jina. Usifungue akaunti ya pili kukwepa hilo. Uso, namba ya hati na simu vilevile vitatambuliwa, na akaunti zote mbili zinaweza kuzuiwa kwa kurudufiwa. Andika kwa huduma kwa wateja kupitia programu yenyewe, ujumbe mfupi wenye kila kitu wanachohitaji:

> Habari. Uthibitishaji wa akaunti yangu umekataliwa kwa sababu ya jina. Kwenye akaunti limeandikwa "Nema Paulo". Kwenye pasipoti yangu jina la ukoo ni "Ng'wandu" na majina niliyopewa ni "Neema Paulo". Naomba mrekebishe jina lifuate pasipoti, au mnifungulie sehemu hiyo nirekebishe mwenyewe, kisha mniruhusu kupakia picha upya. Picha mpya ninayo tayari.

Usiambatanishe kitambulisho kwenye ujumbe huo isipokuwa wameomba na wamekupa mahali salama pa kukipakia. Ukilalamika hadharani mitandaoni, kuna watu watakufuata wakijiita wafanyakazi wa huduma na kukuomba picha ya hati, namba ya siri au malipo ya "kuharakisha". Picha safi uliyoihangaikia ndiyo hasa wanayoitaka, kwa sababu inaweza kuwasaidia kufungua akaunti kwa jina lako. Zungumza na huduma kwa wateja kupitia programu tu.

Wakikufungulia, rekebisha jina kwanza na ulihifadhi, funga ukurasa, ufungue tena uhakikishe limebaki kama ulivyoliandika, ndipo upakie picha. Ukipakia kabla jina halijahifadhiwa, mfumo utailinganisha picha mpya na jina la zamani, na jaribio hilo litahesabiwa.